Shajara ya mradi: kutuliza nywele zilizotimka na kujaza panja kwenye picha ya uso

Jumatatu, 3 Machi 2025: Kuisoma picha kabla ya kuigusa

Picha ni ya mama mmoja, imepigwa studio, kuanzia kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Nywele ni za asili, hazina dawa, zimepakwa jeli na kubanwa nyuma kwa kifundo. Taa kubwa yenye softboksi iko kushoto kwa mtazamaji. Taa ndogo iko nyuma kulia, nayo imechora mstari wa mng'ao kwenye ukingo wa nywele. Mandhari ni karatasi ya kijivu, yenye mwanga zaidi kushoto na inayofifia kuelekea kulia.

Kazi ni mbili. Nywele zilizotimka kuzunguka kichwa zitulizwe, na panja la upande wa kushoto wa picha lijazwe. Hapo nywele zimekatika kwa kusukwa kwa kubana miaka mingi, na ngozi ya kichwa inang'aa kwa sababu taa kubwa inalipiga panja moja kwa moja. Panja la pili liko kivulini na halisumbui jicho. Mwenye picha alitoa sharti moja: "Hapo pembeni msinijazie sana, watu wananijua." Sharti hilo ndilo linaloongoza mradi. Mstari wa nywele kwenye paji la uso hausogezwi mbele hata milimita moja. Kinachopunguzwa ni uwazi ulio nyuma yake.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya unene wa unywele, maana ndiyo inayoamua saizi ya brashi. Faili ina pikseli 4000 kwa 6000. Upande mrefu umebeba sentimita 60 hivi za mwili, kwa hiyo milimita moja ni pikseli 10. Unywele wa binadamu una unene wa milimita 0.05 hadi 0.1, yaani nusu pikseli hadi pikseli moja. Lenzi na sensa huutawanya kidogo, hivyo kwenye faili unaonekana kama uzi wa pikseli 2 au 3 uliofifia. Anayechora unywele kwa brashi ya pikseli 8 kwenye faili kama hii anachora waya. Hesabu hii irudiwe kwa kila picha. Picha ya nusu mwili na picha ya uso mtupu hazitumii brashi moja.

Faili imefunguliwa Photoshop katika biti 16. Kila leya iliyojaa pikseli hapo inabeba megabaiti 144 kabla ya kubanwa, kwa hiyo hatutarudufu picha nzima kwa kila hatua. Leya tupu inabeba tu kilichopakwa juu yake. Faili ya PSD ina kikomo cha gigabaiti 2. Anayependa kurudufu atakifikia haraka na kulazimika kuhifadhi kwa PSB. Mpangilio wetu, kutoka juu kwenda chini:

```
UKAGUZI        Levels, huzimwa kabla ya kuhifadhi
chembe         Overlay
nywele mpya    Normal
kivuli         Multiply
ngozi          Normal
kushoto        Lighten
kulia          Darken
Background
```

Leya ya `UKAGUZI` ndiyo jicho la pili la mradi huu. Ni `Levels` ambayo kitelezi cheusi kimewekwa 85 na cheupe 140, kwa sababu kijivu cha mandhari kinacheza kati ya namba hizo. Ikiwashwa, tofauti ndogo za mwanga ambazo jicho halizioni zinageuka kuwa mabaka. Mtu mwenye mandhari nyeusi au nyeupe apime yake kwa `Info` na kuvibana vitelezi kulizunguka eneo lake. Namba zetu hazitamfaa.

Jumanne, 4 Machi 2025: Nywele zilizotimka juu ya mandhari

Upande wa kulia nywele zilizotimka zinang'aa kuliko mandhari kwa sababu ya taa ya nyuma. Kanuni ni ya zamani: nakili kipande kisafi cha mandhari kwa `Clone Stamp` ukiwa kwenye hali ya `Darken`. Kompyuta inalinganisha pikseli kwa pikseli na kubadilisha zile tu zilizo angavu kuliko ulichonakili. Unywele unaong'aa unafutika, nywele nyeusi za kichwa zinabaki kama zilivyo, na brashi inaweza kupita hadi ndani ya nywele bila kuzila.

Jaribio la kwanza halikufanya kazi. Brashi ilifuta kila kitu, nywele nyeusi pamoja, utadhani hali ya `Darken` haikuchaguliwa. Sababu ni kwamba hali iliyowekwa kwenye mstari wa juu wa kifaa inalinganishwa na pikseli za leya uliyosimama juu yake, wala si na picha iliyo chini. Leya ikiwa tupu hakuna cha kulinganisha, kwa hiyo inapaka kawaida. Dawa yake ni kukiacha kifaa kwenye `Normal`, kuweka `Sample: Current & Below`, halafu kuipa leya yenyewe hali ya `Darken`. Sasa ulinganisho unafanyika kati ya leya na kilicho chini yake, na picha ya asili haijaguswa. Kwa anayetumia GIMP hali hizo zinaitwa `Darken only` na `Lighten only`, na tahadhari hiyo inamhusu naye.

Tahadhari ya upande huu ni moja tu. Mstari wa mng'ao ulioko ukingoni mwa nywele nao ni angavu kuliko mandhari, kwa hiyo `Darken` itaufuta kama inavyofuta nywele zilizotimka. Ukifutika, kichwa kinaonekana kimekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Brashi isimame pikseli 20 hivi kabla ya mstari huo. Nywele fupi zilizo ndani ya nafasi hiyo ziachwe. Ndizo zinazoonyesha kwamba hizi ni nywele.

Upande wa kushoto mambo ni kinyume. Mandhari ina mwanga, nywele zilizotimka ni nyeusi, na leya ni `Lighten`. Hapa hakuna ulinzi wowote, kwa sababu wingi wa nywele za kichwa nao ni mweusi kuliko mandhari, na brashi ikiugusa inauchimba shimo la kijivu. Kwa hiyo upande huu haukupakwa kwa brashi pana. Kila unywele ulifuatwa peke yake kwa brashi ya pikseli 8, kuanzia nchani kurudi kwenye shina. Ni kazi ya polepole, na karibu muda wote wa siku uliishia hapa.

Kuanzia nchani kuna sababu yake. Unywele ukikatwa katikati, kipande kinachobaki kina ncha butu, na ncha butu zikiwa nyingi ukingo wote unafanana na brashi ya viatu. Ama unywele ufutwe wote hadi uingie ndani ya nywele nyingine, ama uachwe na ncha yake ya asili. Ikibidi kuufupisha, pikseli 30 za mwisho zipakwe kwa `Opacity` inayoongezeka, 30, kisha 60, kisha 100 kuelekea nje, ili ncha iishe kwa kufifia.

Nini kifutwe na nini kibaki? Tulifuta zilizotoka zaidi ya sentimita moja nje ya umbo la kichwa, yaani pikseli 100, na zilizokwenda kinyume na mwelekeo wa nywele zilizobanwa. Zilizochomoza kidogo na kupinda kufuata mwelekeo wa wenzake zilibaki. Nywele za asili zilizobanwa kwa jeli huwa na ukungu mwembamba wa vinywele vifupi kuzunguka kichwa. Ukungu huo ukifutwa wote, mtu anaonekana amevaa wigi la plastiki, hata kama hakuna alama hata moja ya kunakili.

Halafu `UKAGUZI` iliwashwa, na upande wa kulia ukaonekana na utepe laini kuzunguka kichwa, kama mvuke. Kosa lilikuwa kwenye ulaini wa brashi. `Hardness` ilikuwa 0, kwa hiyo sehemu kubwa ya brashi ilikuwa nusu wazi. Pale inapopaka nusu nusu, chembechembe za sehemu iliyonakiliwa zinachanganyika na za sehemu iliyokuwapo, na zikichanganyika zinafutana: mchanganyiko wa nusu kwa nusu unabakiza takriban asilimia 70 tu ya ukali wa chembechembe. Rangi ni sahihi lakini umbile la picha limelainika, na jicho linalisoma eneo hilo kama pameguswa. Tulifuta leya hiyo na kurudia kwa `Hardness` 60, `Opacity` 100 na `Flow` 100. Utepe ukaondoka.

Mabaka mawili yalibaki kwenye kona ya juu kulia. Hayo yalitokana na mahali pa kuchota. Mandhari inafifia kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo ukichota pikseli 200 pembeni unaleta kijivu kingine. Uchotaji uliofaa ni wa wima, juu au chini ya unywele, ambako kijivu ni kile kile. Mandhari yenye mwanga wa duara nyuma ya kichwa itahitaji kuchota kwa kuuzunguka mduara. Kanuni haibadiliki: fuata mstari ambao mwanga wake ni sawa.

Alhamisi, 6 Machi 2025: Nywele zilizolala juu ya paji la uso

Zilikuwa chache, lakini mbili zilipita juu ya nyusi na moja ilifika karibu na jicho. Kwenye ngozi tupu `Healing Brush` inatosha: brashi pana kidogo kuliko unywele, pikseli 6, ukichota ngozi iliyo jirani yenye vinyweleo vya saizi ile ile.

Shida inaanza karibu na mstari wa nywele. `Healing Brush` huchukua umbile kutoka ulikochota na rangi kutoka kwenye ukingo wa mpako wenyewe. Mpako ukigusa nywele nyeusi, weusi huo unavutwa ndani ya ngozi na kuacha doa kama la masizi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuzungushia `Lasso` eneo la ngozi, mpaka wake ukifuata kwa karibu mstari wa nywele, kisha kuponya ndani ya uteuzi huo. Rangi haiwezi kuvutwa kutoka nje. Ya pili ni kutumia `Clone Stamp` kwa pikseli 40 za mwisho, kwa sababu hiyo haichanganyi rangi na jirani. Tulitumia ya pili kwa sababu nywele zenyewe ni chache. Kwa paji lililojaa nywele njia ya uteuzi ni ya haraka zaidi.

Malaika wa kwenye mpaka wa paji, zile nywele laini fupi, hazikuguswa. Zitahitajika kesho kutwa kama kipimo cha unene na rangi ya nywele za kuchora.

Jumamosi, 8 Machi 2025: Panja, majaribio mawili yaliyokataliwa

Sehemu yenye uwazi ni kama pikseli 300 kwa 150, sentimita tatu kwa moja na nusu. Ni ndogo, na ndiyo iliyokula muda mrefu kuliko zote.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kunakili nywele nene zilizo juu kidogo ya panja kwa `Clone Stamp`. Kwa mbali lilipendeza. Kwa asilimia 100 lilijisaliti kwa mambo matatu. Kwenye nywele zilizochotwa kulikuwa na wimbi moja lenye mng'ao mfano wa mkia wa samaki, na wimbi hilo sasa lilionekana mara mbili, umbali wa pikseli 180. Pili, nywele za juu zinakwenda nyuma moja kwa moja, ilhali za panjani zinalala zikishuka kuelekea sikioni kabla ya kupinda nyuma. Zilizopandikizwa zilikatiza mwelekeo huo. Tatu, za juu ziko ndani ya fokasi kabisa, na panja liko nyuma kidogo ya jicho, ambako fokasi imeanza kulegea. Kipande kikali katikati ya eneo laini kinaonekana hata na mtu asiyejua kitu chochote kuhusu picha.

Mtu anaweza kuficha marudio kwa kuchota sehemu nyingi ndogo ndogo. Hilo linaondoa mkia wa samaki wa pili, lakini linaleta fujo: nywele zinakuwa vipande vifupi visivyo na mwanzo wala mwisho. Unywele ni mstari mrefu, na brashi ya duara inayonakili vipande haiwezi kuuheshimu.

Jaribio la pili lilichota panja la upande wa pili na kuligeuza kwa `Flip Horizontal`. Mwelekeo sasa ulikuwa sahihi na fokasi ikakaribiana, ila mwanga ulikataa. Panja la pili liko kivulini na linapata mng'ao wa taa ya nyuma. Likigeuzwa, mng'ao unakuja kutoka upande ambao hakuna taa. Kuling'arisha kwa `Curves` kunaleta chembechembe za kivulini, ambazo ni kubwa kuliko za eneo lenye mwanga. Njia hii inafaa picha iliyopigwa kwa mwanga wa mbele ulio sawa pande zote. Kwa taa ya pembeni isijaribiwe.

Baada ya hapo panja liliangaliwa upya, kwa asilimia 200, kutafuta hasa ni kitu gani kinachofanya lionekane tupu. Nywele zipo. Ni chache, lakini zipo, na zimelala vizuri. Kinachopiga kelele ni ngozi ya kichwa inayong'aa katikati yao. Tofauti ya mwanga kati ya ngozi na nywele ndiyo inayosomwa kama upara. Kwa hiyo cha kwanza ni kuipunguza tofauti hiyo. Nywele za kuongeza ni chache na zinakuja baadaye.

Jumapili, 9 Machi 2025: Kivuli kwanza, nywele baadaye

Kwenye leya `kivuli`, hali ya `Multiply`, tulipaka rangi iliyochotwa kati ya nywele nene, pale ambapo ngozi inaonekana kidogo ikiwa kivulini. Kwenye picha hii ni kahawia iliyoiva, RGB 58, 40, 32. Brashi pikseli 50, `Hardness` 0, `Flow` 5. Mipako ni mifupi, inafuata mwelekeo wa nywele, na inarudiwa pole pole hadi ngozi ishuke. `Opacity` ya leya ilisimama kwenye 55.

Rangi nyeusi tupu ilijaribiwa kando ili wanaofuata waone tofauti. Ngozi ya kahawia ikipakwa nyeusi inageuka ya majivu, kana kwamba kichwa kimepakwa mkaa. Ngozi iliyo chini ya nywele hupokea mwanga uliopenya na kugonga nywele na ngozi jirani, kwa hiyo kivuli chake kina joto la rangi ya udongo. Chota rangi kutoka kwenye kichwa hicho hicho, usikisie.

Ukingo wa kivuli ndio unaoamua kama sharti la mwenye picha limetimizwa. Pikseli 40 za kwanza kutoka mstari wa nywele hazikupakwa kabisa. Kuanzia hapo kivuli kinaongezeka taratibu kwa sentimita moja. Na mpaka wenyewe usiwe mstari: brashi iliingia na kutoka kati ya vishungi vya nywele zilizopo. Mpaka ulionyooka unafanana na wanja uliopakwa kichwani.

Baada ya kivuli peke yake, panja lilikuwa limeshajaa kwa kiasi kikubwa, na hakuna unywele hata mmoja ulioongezwa. Pengine kwa picha nyingi kazi inaweza kuishia hapa.

Leya `nywele mpya` ilifuata. Brashi pikseli 3, `Hardness` 80, `Spacing` 10, na kwenye `Shape Dynamics` sehemu ya `Control` iliwekwa `Pen Pressure`, ili tableti ya kuchorea ipunguze unene kadiri mkono unavyoachia. Asiye na tableti achore njia kwa `Pen Tool`, kisha achague `Stroke Path` na kuweka alama kwenye `Simulate Pressure`. `Pen Pressure` lazima iwe imeshawashwa kwenye brashi, la sivyo alama hiyo haibadilishi kitu.

Njia ya `Simulate Pressure` ina kasoro yake: inachonga ncha zote mbili. Unywele uliochongoka pande zote unaonekana umeangukia kichwani kutoka kwingine, haukuota pale. Shina linatakiwa lifichwe. Anzisha kila mstari chini ya kishungi cha nywele zilizopo, au kwenye sehemu nyeusi ya kivuli, ili ncha ya mwanzo imezwe na giza.

Rangi zilikuwa tatu, zote zimechotwa kwenye nywele za panja lenyewe. Rangi ya kati ilitumika kwa nywele nyingi, ile ya giza kwa chache zilizo chini, na ya mng'ao kwa mbili tatu tu zinazopita juu, upande ulioelekea taa kubwa. Ukizidisha za mng'ao unarudisha ule ung'aavu uliokuwa unauondoa.

Umbo ndilo lililohitaji marudio. Mistari ya kwanza ilinyooka na kutengana sawasawa, ikawa kama meno ya chanuo. Nywele za asili hata zikivutwa kwa jeli zinabaki na mawimbi madogo, na hazioti moja moja kwa nafasi sawa. Huchomoza katika vikundi vya nywele moja hadi nne. Kwa hiyo mistari ilichorwa kwa mafungu ya mbili mbili na tatu tatu, mashina yakiwa karibu, ncha zikikutana au kupishana, na nafasi kati ya fungu na fungu ikitofautiana. Kila mstari ulipewa mtikisiko mdogo wa mkono. Urefu ulikuwa pikseli 50 hadi 150, kwa maana panja lililokatika halina nywele ndefu, na ndefu zikiletwa pale mtu anayemfahamu mwenye picha atagutuka.

Malaika wa paji walioachwa Alhamisi walitumika sasa kama kipimo. Mstari mpya ukiwekwa karibu nao na ukaonekana mnene au mweusi kuliko wao, umezidi.

Jumatatu, 10 Machi 2025: Kulegeza ukali na kurudisha chembechembe

Nywele za kuchora ni safi mno. Hazina ukungu wa lenzi wala chembechembe za sensa, na usafi huo ndio unaozitofautisha na jirani zake. `Gaussian Blur` ya pikseli 0.7 ilitosha kwa zilizo mbele, karibu na paji. Zile za nyuma, karibu na sikio, ziliteuliwa na kupewa 1.2. Kipimo ni kuweka unywele wa kuchora na wa asili kwenye skrini kwa asilimia 200 na kuongeza kidogo kidogo hadi usiweze kusema upi ni upi.

Leya `chembe` ilijazwa kijivu cha asilimia 50, ikapewa `Overlay`, kisha `Add Noise` kiasi cha 3, `Gaussian`, na alama ya `Monochromatic`. Chembechembe hizo zilikuwa kali kuliko za picha, kwa sababu chembe ya kompyuta ni pikseli moja kamili na ya kamera imeshalainishwa wakati faili inatengenezwa. Ukungu wa pikseli 0.5 juu yake ulizisawazisha. Maski ilizibakiza panjani tu. Bila `Monochromatic` zinatokea nukta nyekundu na kijani kwenye nywele nyeusi, nazo huonekana wazi zaidi baada ya kuchapishwa.

Jumatano, 12 Machi 2025: Ukaguzi na karatasi

Picha iligeuzwa kushoto kulia, kwa kuwa jicho lililokaa na picha siku nyingi limeshazoea kasoro zake. Ikionekana upya, kosa moja lilijitokeza mara moja: juu ya kifundo ukingo ulikuwa umelainika na kuwa tao kamili. Vinywele vitatu vilirudishwa kwa kuziba sehemu ya leya `kulia` kwa maski. Hii ndiyo faida ya kutogusa leya ya chini. Kilichofutwa kinarudi kwa brashi nyeusi kwenye maski.

Chapisho la A4 ndilo lililofichua jambo ambalo skrini haikusema. Karatasi haina mwanga wake, na giza lake huonekana zito zaidi, kwa hiyo kivuli cha panja kiligeuka kuwa doa. `Opacity` ya leya `kivuli` ilishushwa kutoka 55 hadi 40, na chapisho la pili likakubalika. Nywele za kuchora hazikusumbua. Kwenye A4 ya nukta 300 kwa inchi upande mrefu una pikseli 3508 tu, na kwa kupunguzwa huko mstari wa pikseli 3 unashuka chini ya 2.

Gharama: karatasi mbili za A4 za studio, na muda. Upande wa kushoto wa mandhari na panja vilikula sehemu kubwa ya saa zote. Upande wa kulia, baada ya `Darken` kuwekwa kwenye leya, ulikwisha haraka. Faili ya mwisho ilibaki chini ya kikomo cha PSD.

Mwenye picha alipewa nakala mbili, ya kuchapisha yenye kivuli cha 40 na ya simu yenye kivuli cha 50. Ya simu ilitumwa kama hati, si kama picha, ili programu ya ujumbe isiibane tena. Mbano huo hula chembechembe kwanza, na zikiondoka panjani mipaka ya kivuli inaanza kuonekana.